Sumaku Haishiki, Lakini Si Brasi

Ukiuliza koki ya brasi katika duka la vifaa vya ujenzi, iwe Kariakoo au katika mtaa wowote wenye maduka ya namna hiyo, muuzaji mwenye haraka atatoa sumaku chini ya kaunta na kuigusisha kwenye koki. Sumaku inateleza na kuanguka. “Umeona, dada? Haishiki. Hii ni brasi tupu.” Dada anafungua pochi na kulipa.

Kuhusu sumaku, muuzaji hakudanganya. Ni kweli haishiki. Lakini haishiki kwenye zinki pia, wala alumini, wala plastiki iliyopakwa krom, wala kwenye chuma kisichoshika kutu cha aina inayotumika kwenye masinki mengi. Sumaku hujibu swali moja tu: je, hiki ni chuma cha kawaida? Mshindani wa brasi siku hizi si chuma. Ni zinki iliyochanganywa na alumini kidogo, kitu ambacho viwandani hukiita zamaki. Mbele ya sumaku, zamaki na brasi ni ndugu wa damu. Tena koki ya brasi halisi iliyopakwa nikeli inaweza kuivuta kidogo sumaku yenye nguvu, kwa sababu nikeli yenyewe huvutwa. Mnunuzi anayeitegemea sumaku peke yake anaweza kuikataa koki nzuri na kuichukua mbovu kwa siku hiyo hiyo.

Kwanza tujue tunatofautisha nini na nini. Brasi ya koki ni shaba nyekundu kama asilimia 60, na kinachobaki karibu chote ni zinki, pamoja na risasi kidogo inayowekwa ili kazi ya kukereza iwe rahisi. Zamaki ni zinki takriban asilimia 96 na alumini asilimia 4. Ilitengenezwa mwaka 1929 na kampuni ya zinki ya Nyu Jazi huko Marekani, na wala si takataka. Ni madini mazuri kwa kazi zake, na bawaba, vifungo na vifaa vidogo vingi vya nyumbani vimetengenezwa nayo bila kumletea mtu hasara. Tatizo linaanza pale inapovalishwa krom, ikauzwa kwa bei ya brasi na kufungwa mahali ambapo haikustahili kuwa.

Kishawishi cha kufanya hivyo ni kikubwa. Katika soko la dunia, tani ya shaba nyekundu imekuwa ikiuzwa kwa kama mara tatu ya bei ya tani ya zinki, na wakati mwingine zaidi. Kisha kuna suala la moto. Brasi huyeyuka karibu na nyuzi 900, joto linalochosha kalibu upesi, kwa hiyo koki za brasi hufuliwa zikiwa za moto au husubiwa, halafu hukerezwa sehemu kwa sehemu. Zamaki huyeyuka chini ya nyuzi 400. Husukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu la chuma, na baada ya muda mfupi kipande kinatoka kikiwa na umbo lake lote, mapambo yake, na mara nyingine hata tredi zake. Ndiyo maana kitasa chenye nakshi nyingi na kona kali zisizo na kasoro, kinachouzwa kwa bei ya kutupa, kinapaswa kukutia shaka kabla hujakishika.

Ukitaka kujua ukweli ukiwa dukani, usitazame sehemu inayong'aa. Krom na nikeli hupakwa kwa umeme ndani ya maji ya dawa, na umeme huo hukimbilia sehemu zilizochomoza. Kwenye mashimo na pembe za ndani hauingii vizuri. Kwa hiyo kila koki na kila mkono wa kitasa una mahali ambapo vazi lake ni jembamba au halipo kabisa, na hapo madini yenyewe yanaonekana. Kwenye koki, mahali hapo ni ndani ya mkia unaofungwa ukutani. Washa tochi ya simu, chungulia kupitia tundu ambamo maji yataingilia, na utazame kuta za ndani kupita eneo la tredi. Brasi iliyokerezwa ni ya njano iliyo wazi, yenye mistari midogo ya duara iliyoachwa na kisu cha mashine. Brasi iliyosubiwa bila kukerezwa inaweza kuwa na ngozi ya hudhurungi iliyofifia, lakini ukiikwaruza kidogo njano yake inajitokeza. Zamaki ni ya kijivu kuelekea bluu, na hata ukiikwaruza, mng'ao wake ni mweupe kama wa bati.

Kama jicho lako halijazoea rangi hizo, beba mfano wa kulinganisha. Ufunguo wa mlango uliochakaa unafaa, kwa sababu funguo nyingi ni brasi iliyopakwa nikeli, na ukishatumika miaka michache meno yake huonyesha njano ya ndani. Uweke kando ya tundu la koki chini ya mwanga mmoja. Usilinganishe na kufuli la bei rahisi, maana mengine ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu.

Hapa kuna mtego ambao hata mafundi wazoefu wamewahi kunaswa nao. Zamaki haiwezi kuingizwa moja kwa moja kwenye maji ya kupakia nikeli, kwa sababu maji hayo yana asidi na yangeila. Kwa hiyo kiwandani huivika kwanza koti la shaba nyekundu, halafu nikeli, halafu krom. Ukikwaruza juu juu utaona rangi ya shaba na kufurahi. Mara nyingi koti hilo ni jembamba kuliko unywele. Endelea kukwaruza mahali pale pale, na kama ni zamaki, wekundu utaisha na ukijivu utatokea. Brasi halisi haibadiliki kadiri unavyoingia ndani, ni njano kutoka mwanzo mpaka mwisho. Vivyo hivyo kwa vitasa vya rangi ya dhahabu: unjano wa nje hauna ushahidi wowote, kwa kuwa hata zamaki hupakwa brasi juu. Boksi likisema rangi ya brasi au umaliziaji wa brasi, limekueleza habari za ngozi tu, na kwa kawaida aliyeliandika alijua vizuri ni kwa nini hakuandika brasi tupu.

Wanunuzi wa vyuma chakavu wanalijua jambo hili kuliko wauzaji wa dukani, kwa sababu pesa yao ndiyo inayopotea. Mpelekee koki ya zamani, na kabla hajaiweka kwenye mizani atachukua tupa, atasugua kona moja mpaka ndani, ndipo ataje bei. Hatazami mng'ao wala chapa. Dukani huwezi kupiga tupa mali ya mtu hujailipia, na ni haki muuzaji akikataa. Lakini unaweza kuomba ruhusa ya kukwaruza kwa ncha ya msumari ndani ya mkia, mahali patakapofunikwa na tepu ya tredi. Mwenye koki za brasi kwa kawaida hukubali. Akikataa hata ndani ya tundu, umeshapata nusu ya jibu.

Baada ya rangi, tazama tredi. Tredi za brasi zilizokatwa kwa mashine zina ncha kali, na ukizipitisha kwenye ukucha zinakwaruza sawasawa kuzunguka duara lote. Tredi zilizotoka moja kwa moja kwenye kalibu huwa na ncha butu kidogo, na ukitafuta utaona mstari mwembamba unaozikata kwa urefu upande huu na upande wa pili. Hapo ndipo nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kwenye mikono ya vitasa na ya koki, geuza upande wa chini. Zamaki hupenda kuachwa wazi kwa ndani, na mbavu nyembamba za kuipa nguvu, na viduara vidogo bapa kama alama za mihuri. Viduara hivyo vimeachwa na pini zinazosukuma kipande kitoke kwenye kalibu. Ukiviona, huna haja ya kuuliza zaidi kuhusu kipande hicho. Ila kumbuka unasoma kipande kimoja, si koki nzima. Zipo koki zenye mkia wa brasi uliopachikwa kwenye mwili wa zamaki, na ndiyo sababu ya kuchungulia kupita eneo la tredi, usiishie mlangoni.

Uzito nao? Watu wengi huipima koki mkononi na kusema nzito ni brasi. Kuna ukweli ndani yake, lakini mkono hautoshi. Sentimita moja ya ujazo ya brasi ina uzito wa gramu 8.4 hivi, na ya zamaki ni gramu 6.6 au zaidi kidogo. Zamaki si nyepesi kama alumini, ambayo ni 2.7 tu. Kipande kinene cha zamaki kitakuwa kizito kuliko koki ya brasi yenye kuta nyembamba, na miksa ya jikoni inaweza kupata uzito wake kutoka kwenye mipira yenye waya na bamba la chuma la chini. Ukilinganisha kwa mkono, linganisha vitu vya umbo na ukubwa mmoja, vikiwa vimevuliwa vikorombwezo.

Lakini uzito ukiunganishwa na ujazo hutoa jibu lisilobishaniwa, na vifaa vyake vipo katika majiko mengi: mizani ya dijitali ya kupimia unga, bakuli la maji na uzi. Jaribio hili ni la nyumbani, kwa mfano ukinunua mkono mmoja wa kitasa kabla ya kuagiza wa milango yote kumi. Vua kwanza kila kisicho mwili wenyewe, yaani pini ya chuma ya mraba, springi na skrubu. Pima mkono ukiwa mkavu. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani na urudishe mizani kwenye sifuri. Funga mkono kwa uzi, uning'inize ndani ya maji uzame wote bila kugusa chini wala pembeni, na uutikise ili mapovu ya hewa yatoke. Namba itakayosomeka kwa gramu ndiyo ujazo wa mkono kwa sentimita za ujazo, kwa sababu mizani inabeba uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili.

Tuseme mkono mkavu ni gramu 186, na ukiwa majini mizani inasoma 28. Ukigawanya, 186 kwa 28 ni 6.6. Huo ni zamaki, hata kama boksi limeandikwa kwa wino wa dhahabu. Mkono mwingine ni gramu 210, na majini unasoma 25: jibu ni 8.4, na hiyo ni brasi. Ukipata kitu cha katikati, kama 7.5, usikimbilie uamuzi. Huenda kuna hewa iliyonasa mahali, au kipande cha chuma kimebaki ndani, maana chuma ni 7.8 na huvuruga hesabu. Na kama mwili una tundu lililozibwa ambalo maji hayaingii, njia hii haikufai.

Sasa, kwa nini ujisumbue hivyo? Chukua koki ya nusu inchi ya nje, ile ya kufungia mpira wa kumwagilia. Fundi anaizungushia tepu na kuifunga kwenye elibo iliyozama ukutani. Ili mdomo wake uangalie chini sawasawa, anaiongezea robo duara kwa spana. Mkia wa brasi hustahimili. Mkia wa zamaki unaweza kukatika pale pale, au, jambo linalokera zaidi, ukapata ufa usioonekana. Zamaki ina tabia ya kunyong'onyea polepole ikikaa chini ya mkazo wa kudumu, hata katika joto la kawaida, na maji ya moto huongeza kasi. Tredi zilizokazwa leo hulegea baada ya muda bila mtu kuzigusa. Wakati huo huo maji yanafanya kazi yao. Kwenye miji ya pwani visima vingi vina chumvi, na chumvi ikipata tundu dogo kwenye koti la krom huila zinki iliyo chini yake. Nje unaona malengelenge na unga mweupe, na ndani mkia unazidi kuwa mwembamba.

Mwisho wake unajulikana kwa mafundi bomba. Siku moja mtu anafungua maji kwa nguvu kidogo, koki inabaki mkononi, na kipande cha mkia kinabaki ndani ya elibo. Usiku huo hakuna wa kuyazuia maji isipokuwa valvu kuu, kama mwenye nyumba anajua ilipo. Kukitoa kipande hicho bila kuharibu tredi za elibo ni kazi ya subira, na kikigoma inabidi kuvunja vigae na kubadili elibo. Tofauti ya bei kati ya koki mbili dukani haifikii gharama ya kigae na fundi wa siku moja.

Brasi nayo huzeeka. Hufanya ukijani, na kwenye maji mabaya huweza kupoteza zinki yake na kubaki na mwili wa rangi ya waridi wenye vinyweleo, ambao hatimaye huvuja. Lakini kwa kawaida hilo huchukua miaka mingi, hutoa dalili mapema, na mpaka hapo unaweza kubadili washa au katriji ukaendelea kutumia mwili ule ule.

Vitasa vina hadithi yake. Mkono wa kitasa hauzuii maji, na mlango wa chumba cha kulala haufunguliwi kwa fujo. Zamaki hapo inaweza kudumu miaka kadhaa bila lawama, na sioni sababu ya mtu kulipia brasi kwenye mlango wa stoo. Inapovunjika, huvunjika shingoni, pale pini ya mraba inapoingia na ukuta ni mwembamba, au skrubu ndogo ya alenki inakula tredi zake na mkono unaanza kucheza. Mlango wa mbele unaofunguliwa mara nyingi kila siku, na zaidi ule unaotazama bahari, ni jambo jingine. Upepo wa chumvi hauchagui siku, na krom juu ya zamaki huanza kutoa vipele wakati brasi inadai kung'arishwa tu. Milango ya zamani ya Zanzibar na Lamu imebeba vichwa vya misumari ya brasi mbele ya upepo huo kwa vizazi, bila krom yoyote.

Kwa miksa, mimi ningetenganisha maswali mawili ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya. Mwili ambamo maji yanapita na mkia unaofungwa ni lazima viwe brasi. Mkono wa kufungulia unaweza kuwa zamaki, na hata kwenye koki za watengenezaji wazuri mara nyingi ndivyo ulivyo, kwa sababu haugusi maji wala haubebi shinikizo. Kwa hiyo muuzaji akikukwaruzia mkono ukaona kijivu, usiitupe koki nzima. Na akikuonyesha njano ya mkono, mwambie kwa adabu, “Sawa kaka, sasa nionyeshe ndani ya mwili.” Anaweza kufungua skrubu ya mkono, kuchomoa katriji na kukuachia utazame. Ni kazi ya dakika chache, na kiti cha katriji ndani ya mwili wa brasi ni cha njano inayong'aa.

Jambo moja ambalo brasi hailikwepi ni risasi iliyomo. Brasi ya kawaida ya koki huwa na asilimia mbili hadi tatu ya risasi, na kiasi kidogo huingia katika maji yaliyotulia ndani yake, hasa koki ikiwa mpya. Marekani tangu 2014 imeweka kikomo cha wastani wa asilimia 0.25 kwa sehemu zinazogusa maji ya kunywa, na koki zenye risasi ndogo hutangazwa hivyo kwenye boksi. Kwa koki ya bustani si hoja. Kwa koki ya jikoni, yale maji yaliyolala ndani usiku kucha yatumie kuoshea sufuria, uyaache yakimbie kidogo, ndipo ujaze birika la chai.